Msaada: kazi ina namba ya toleo, lakini iliyokamilika inarudi kuwa "inaendelea"

Kijana wa Mnazi Mmoja
Wakuu, habari za mchana. Nimekwama tangu juzi na msimu wa korosho hausubiri mtu. Nimeandika mfumo wa kugawa kazi za ghala. Ofisi iko Mtwara mjini, ghala liko Masasi. Kila kazi ina namba ya toleo, na kila inapohifadhiwa toleo linapanda kwa moja, ili watu wawili wakigusa kazi moja, wa pili azuiwe. Lakini hazuiwi. Leo kazi namba 214, kupima unyevu wa magunia 180, karani wa Masasi aliiweka "imekamilika". Punde si punde ikarudi "inaendelea", na lori likaambiwa lisubiri vipimo ambavyo vimeshafanyika. Kwenye seva hakuna kosa lililoandikwa. MySQL ina tatizo gani?

Mikindani77
Mkuu, acha hayo mambo ya toleo. Funga mstari kwa `SELECT ... FOR UPDATE` ndani ya muamala. Wa pili atasubiri wa kwanza amalize, basi.

Binti Ruangwa
Hata kwenye duka la pembejeo ninakotunza mfumo ilitokea hivyo hivyo. Mfuko wa mwisho wa salfa ukauzwa mara mbili, wauzaji wawili walibonyeza kwa pamoja. Naomba na mimi nisaidiwe hapo hapo.

Fundi wa Nachingwea
Dada Ruangwa, lako ni jepesi, maana wewe unapunguza idadi tu, humwonyeshi mtu fomu aijaze. Weka sharti ndani ya amri yenyewe: `SET idadi = idadi - 1 WHERE id = ? AND idadi >= 1`. Ikigusa mstari 0, mzigo umekwisha, mwambie mteja.

Kaka Mnazi Mmoja, tuonyeshe amri yako ya kuhifadhi, na utuambie ile namba ya toleo inatoka wapi.

Kijana wa Mnazi Mmoja
Amri ni hii, naamini iko sawa:

```sql
UPDATE kazi
SET hali = ?, mhusika = ?, toleo = toleo + 1
WHERE id = ? AND toleo = ?
```

Baada ya hapo naangalia mistari iliyoguswa. Ikiwa 0, natoa ujumbe wa mgongano.

Fundi wa Nachingwea
Amri ni nzuri. Hujajibu swali la pili. Ile alama ya mwisho ya kuuliza unaijaza na nini?

Shangani_Pwani
Samahani, lakini kisa hiki nadhani kimetungwa. Ghala lenye makarani wachache, wawili wabonyeze kazi ile ile kwa sekunde ile ile, tena mara kwa mara? Huyu ni mwanafunzi ana zoezi la chuo, anataka tumfanyie.

Kijana wa Mnazi Mmoja
Sijatunga, kaka. Hizi hapa saa za kazi 214 kutoka kwenye seva. Masasi amefungua fomu 10:10:22. Mtwara amefungua 10:12:05. Masasi amehifadhi 10:15:08. Mtwara amehifadhi 10:16:41, yeye alikuwa anabadilisha mhusika tu, hali hakuigusa.

Fundi wa Nachingwea
Shangani, hapo ndipo wengi wanapokosea. Hatari haihesabiwi kwa sekunde ya kubonyeza. Inaanza mtu anapofungua fomu na inaisha anapohifadhi. Mtwara alikaa na fomu dakika nne na nusu, na Masasi akahifadhi katikati. Fomu ya Mtwara ilikuwa bado imeshika "inaendelea" ya saa nne na dakika 12. Alipohifadhi alituma safu zote mbili, mhusika mpya pamoja na hali ya zamani. Mtandao ukiwa mzito, muda huo unarefuka zaidi.

Ndiyo maana na wewe Mikindani, `FOR UPDATE` haitoshi hapa. Kufuli hiyo inaishi ndani ya muamala tu. Ukiichukua wakati wa kuhifadhi, umechelewa, maana data ya zamani iko tayari kwenye skrini ya mtu. Ukiichukua tangu fomu inafunguliwa, utakaa na muamala wazi kwa dakika nyingi, na karani akienda kunywa chai wenzake wote watasubiri mpaka muda wa kusubiri uwaishie.

Mikindani77
Hapo nimekubali kwa upande wa fomu. Mwenyewe nilikuwa nafikiria malipo, ambako kusoma na kuandika vyote vinafanyika kwenye seva.

Kijana wa Mnazi Mmoja
Sawa, niseme yote. Toleo nalisoma kwenye databezi wakati wa kuhifadhi:

```php
$toleo = somaToleo($id);
$n = hifadhi($id, $hali, $mhusika, $toleo);
```

Mwanzoni lilikuwa linatoka kwenye fomu, kwenye uga uliofichwa. Lakini makarani walilalamika. Mtu anahifadhi, anaona kakosea jina, anarekebisha hapo hapo na kuhifadhi tena, anaambiwa kuna mwingine amebadilisha, kumbe ni yeye mwenyewe. Siwezi kurudisha kero ile msimu huu. Na sharti la toleo bado lipo kwenye amri.

Fundi wa Nachingwea
Lipo, lakini halilindi kitu. Fuata kazi 214 ikiwa kwenye toleo 7. Wote wawili walifungua wakaona 7. Masasi akahifadhi, ikawa 8. Mtwara alipohifadhi, seva yako ilisoma toleo la sasa, 8, ikaandika `WHERE toleo = 8`. Bila shaka ikapata mstari 1, ikafuta kazi ya Masasi kimyakimya. Sharti lako linalinda kipande cha sekunde kati ya mistari yako miwili ya msimbo. Toleo linatakiwa liwe lile ambalo mtu aliliona alipofungua fomu.

Kero ya makarani ilikuwa ya kweli, ila tiba haikuwa hiyo. Baada ya kuhifadhi, seva ilikuwa na 8, ule uga uliofichwa ukabaki na 7. Rudisha toleo jipya kwenye jibu la seva na ukurasa ulipokee:

```js
fomu.toleo.value = jibu.toleo;
```

Ukurasa ukikosa mstari huo, mtu atagongana na nafsi yake kila mara.

Binti Ruangwa
Na je, akitumia saa ya mabadiliko ya mwisho badala ya namba?

Fundi wa Nachingwea
`DATETIME` ya MySQL, usipoitajia desimali, inaishia kwenye sekunde. Wawili wakihifadhi ndani ya sekunde moja, saa inabaki ile ile, na wa pili anapita. Namba haina shida hiyo.

Kijana wa Mnazi Mmoja
Nimebadilisha, nimejaribu kwa madirisha mawili ya kivinjari. La kwanza limegusa mstari 1, la pili 0, seva imejibu `409`. Nikihifadhi mara mbili kwenye dirisha moja, zote zinapita. Lakini sasa aliyegonga `409` nimfanyie nini? Nafikiria seva isome upya na kuchanganya yenyewe: hali ya Masasi, mhusika wa Mtwara. Safu ni tofauti, hazigombani.

Mikindani77
Changanya tu. Ukimwonyesha karani maswali mengi, atabonyeza ndiyo bila kusoma.

Fundi wa Nachingwea
Kwa safu hazigombani, kwa maana zinagombana. Utapata kazi imekamilika, halafu imekabidhiwa mtu mpya aende akapime tena. Mimi ningemwonyesha vyote viwili, "ulichoandika" na "kilichopo sasa", na alichoandika kisipotee. Maelezo marefu ya kazi, hayo sawa, changanya na safu nyingine.

Shangani_Pwani
Naondoa kauli yangu, kijana, samahani. Ila tuseme una karani Newala ambaye simu yake inahifadhi bila mtandao na kutuma jioni. Huyo atagonga `409` karibu kila siku akiwa ameshafunga simu. Nani ataona huo ujumbe?

Kijana wa Mnazi Mmoja
Newala tunaye kweli, na simu yake ndiyo inayotuma hivyo. Kwa sasa mgongano wake nitauweka kwenye orodha ya msimamizi wa ghala aamue. Sijui kama ataifungua kabla ya malori ya asubuhi.