Hukumu ya mistari miwili kuhusu pampu: ipi kati ya hizi tatu ni ya haki?

KaraniBahati (Nakuru)
Wadau, habari za jioni. Mimi ni karani wa kikundi chetu cha mboga hapa Bahati. Mtu akinunua kifaa anaandika maoni yake kwenye daftari la kikundi, nami nayafupisha kuwa mistari miwili na kuwatumia wanachama kwa meseji. Wengi wana simu za kabambe, kwa hiyo nina herufi 160 tu, la sivyo meseji inakatika vipande viwili. Mwenzetu mmoja ameandika hivi (nimenakili jinsi ilivyo):

*"Nilinunua pampu hii ya petroli ya inchi mbili Februari. Kusema kweli imenitoa mbali. Naitumia mtoni, maji yako chini ya pampu kama mita tatu, na robo ekari yangu ya sukuma inalowa kwa saa moja na nusu. Kwa ndoo ilikuwa kazi ya vibarua wawili kutwa. Mafuta haili sana, lita moja na nusu inamaliza zamu hiyo. Kamba ya kuwashia ilikatika wiki ya tatu, fundi wa mjini akaibadilisha kwa mia tatu, hadi leo iko sawa. Kelele ndiyo balaa, jirani ameshanisemesha. Aprili nikaipeleka kwa kisima cha kaka yangu, mita saba hadi kwenye maji, ikanguruma tu bila tone. Kibandiko kinasema inavuta mita nane! Pampu inadanganya. Halafu aliyeniuzia aliahidi karatasi ya waranti, mpaka sasa sijaiona na simu hashiki. Ningeinunua tena? Kwa kazi ya mtoni, hata kesho. Nyota nne kwa tano."*

Nimejaribu mara tatu:

A. Pampu nzuri sana, inamwagilia haraka na haili mafuta. Ina kasoro ndogo ndogo tu.

B. Inasaidia mtoni, lakini kamba ilikatika, ina kelele, haivuti kisimani, inadanganya, na muuzaji hashiki simu.

C. Ni pampu ya wastani. Ina mazuri na mabaya yake, inategemea matumizi.

Mngetuma ipi?

Otis_Kondele
B, dada yangu. Hesabu mwenyewe: amesifu vitu vitatu, amelalamikia vitano. Hukumu ya haki lazima ionyeshe uwiano huo. A ni tangazo la biashara. C sijui hata inazungumzia pampu au ndoa.

Wanjala_Webuye
Hiyo pampu ni bei gani siku hizi? Yangu ilianza kuvuja pale kwenye shingo, nikafunga mpira wa baiskeli, ikaendelea. Nauliza kabla sijanunua nyingine.

Mwalimu_Shinyalu
Nimehariri barua za wasomaji miaka mingi, na kazi hii ninaijua utamu na uchungu wake. Otis, C umeipa inachostahili. Ni hukumu inayoonekana haina upendeleo kwa sababu haisemi chochote, na ungeweza kuibandika kwenye jiko au pikipiki bila kubadilisha neno.

Lakini kuhesabu malalamiko hakutakusaidia. Mwenye pampu ametoa nyota nne, kisha akasema angeinunua tena hata kesho. Mpe mtu B ambaye hajasoma maoni yenyewe, umwambie akisie nyota. Atakwambia mbili. Basi B imempindua msemaji, ingawa kila neno lililomo ni lake.

Tazama inavyompindua. Kwanza, hilo "lakini". Katika sentensi fupi, msomaji huondoka na kilichokuja baada ya "lakini", na kilichotangulia anakichukua kama salamu za kuingilia. "Ni ghali lakini ni imara" na "ni imara lakini ni ghali" zina habari ile ile, na bado ya kwanza inanunulisha, ya pili inafukuza. Kama una mistari miwili, tumia huo mgawanyo wenyewe: sifa mstari wake, lawama mstari wake, na "lakini" uitupe kabisa.

Pili, kamba. Ilikatika, ikatengenezwa kwa mia tatu, sasa iko sawa. Msemaji mwenyewe ameifunga hadithi hiyo. Kuiandika "kamba ilikatika" ukaachia hapo ni kuifungua upya. Kelele bado ipo, kisima bado hakivutwi, waranti bado haijaja. Hayo matatu ndiyo malalamiko yaliyo hai.

Tatu, na hapa A na B zinakosea pamoja: sifa na lawama zake zote mbili zina sharti. Anasifu mtoni, maji yakiwa mita tatu chini. Analaumu kisimani, mita saba. Ukiandika "inamwagilia haraka" bila ile mita tatu, mwenye kisima kirefu atanunua akuje kukulaani. Ukiandika "haivuti kisimani" bila ile mita saba, mwenye kisima cha mita nne atakosa kitu ambacho pengine kingemfaa.

KaraniBahati (Nakuru)
Mwalimu, asante. Na lile neno "inadanganya"? Ndiyo hasira yake kubwa, naona kama nikilitoa nimemfunika mdomo.

Mwalimu_Shinyalu
Mama, hasira yake ina kitu chini yake: kibandiko kinasema nane, mita saba ikashindwa. Andika tukio. "Haikuvuta tone" ina ukali wa kutosha na hakuna wa kuibishia. "Inadanganya" ni maoni yake kuhusu nia ya aliyeitengeneza pampu.

FundiPampu_Ahero
Ngoja niingie hapo. Pampu haikudanganya, na mwenye pampu pia hakudanganya. Pampu haivuti maji kama mtu anavyovuta kamba. Inaondoa hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje ndiyo inayasukuma maji yapande. Mtwapa au Kilifi, usawa wa bahari, hewa ina uzito wa kutosha kuinua maji mita kumi na kitu kidogo, na kibandiko cha nane huwa kimepimwa kwa hali hiyo, injini nzima, viungo havipitishi hewa. Ukipanda juu, hewa inapungua nguvu. Kila mita 1000 unapoteza karibu mita moja ya mvuto. Kisumu tuko kama mita 1130, ile nane ni saba. Bahati mko karibu 2000, ile nane ni sita tu, na hapo sijaondoa mpira mrefu na kiungo kinachopenyeza hewa. Mita saba huko kwenu hiyo pampu haingeweza hata ingekuwa imetoka dukani leo.

Kwa hiyo karani, andika "kwa mwinuko wetu haizidi m 6". Hiyo ndiyo habari ya maana kuliko yote kwenye maoni hayo.

Otis_Kondele
Sasa hapo fundi umeua. Weka hiyo.

Mwalimu_Shinyalu
Fundi, hapo umenifunza, lakini nitapinga. Mwenye pampu hakusema hayo. Karani anafupisha maoni ya mtu, na hukumu ikibeba elimu ya fundi wa Ahero, msomaji ataamini mnunuzi ndiye aliyepima. Mimi huwa nachukua kila kipande cha hukumu na kukitafutia sentensi yake katika maoni. Kikikosa mwenyewe, kinatoka, hata kama ni cha kweli. "Haizidi m 6" haina mwenyewe.

FundiPampu_Ahero
Na mkulima mwenye kisima cha mita sita na nusu? Hukumu yako inamwambia saba imeshindwa. Yeye atasema zangu ni pungufu, ngoja nijaribu. Atapoteza pesa kwa sababu ya adabu ya uhariri.

Mwalimu_Shinyalu
Basi itumwe meseji ya pili, yenye jina la fundi. Sikatai habari, nakataa kuichanganya.

Shiku_Milimani
Naomba kuweka neno. Kila mtu anasahau muuzaji. Binafsi ningemtoa. Hukumu ni ya pampu, na pampu hiyo hiyo inauzwa na maduka mengine ambayo pengine yanatoa waranti siku hiyo hiyo. Kumwadhibu mtengenezaji kwa kosa la mwenye duka si haki.

Otis_Kondele
Shiku, kwetu ukinunua pampu umenunua na duka lake. Waranti ni sehemu ya bei niliyolipa. Nisipoipata, pampu imekuwa ghali zaidi bila mimi kujua. Na ile kamba sijairidhia bado. Wiki ya tatu! Kama mwanachama mwingine naye imemkatikia, itakuwa kasoro.

Mwalimu_Shinyalu
Kwa kamba, Otis, sasa umesema sawa. Katika maoni ya mtu mmoja, kasoro iliyotengenezwa naiacha. Ikirudi kwenye maoni ya mtu wa pili na wa tatu, inaingia tena, na inatangulia kelele. Kwa muuzaji, Shiku ana hoja na Otis ana hoja. Mimi ningeandika waranti bila kumtaja muuzaji.

KaraniBahati (Nakuru)
Nimeandika hii:

Mtoni, maji m 3 chini: robo ekari saa 1.5, mafuta kidogo, angenunua tena. 4/5.
Kisimani m 7: haikuvuta tone. Kelele nyingi. Waranti ameahidiwa, hajapewa.

Nimehesabu herufi 153 pamoja na nafasi. Nilificha ile 4/5 nikampa kijana wangu akisie nyota, akasema nne. A alikuwa amesema tano, B mbili, na C akauliza ni ya kitu gani.

Shiku_Milimani
Imekaa vizuri. Ungeongeza tu kidole gumba mwanzoni iwapendeze.

Otis_Kondele
Usithubutu! Ukiweka kikaragosi chochote, simu inabadilisha mfumo wa herufi na meseji moja inashuka kutoka 160 hadi 70. Hiyo ya 153 itaenda vipande vitatu na utalipia vitatu. Hata kile kialama kilichopinda kwenye "ng'ombe", ukikinakili kutoka kwa kompyuta, kinafanya hivyo hivyo. Tumia kile kilichonyooka.

FundiPampu_Ahero
Hukumu ni safi, nakubali. Ila una herufi saba zimebaki, na mimi nazitaka. Andika "m 7 Bahati". Huyo mnunuzi si alipima huko huko kwenu? Hapo sijaongeza elimu yangu, nimesema mahali tu. Mwenye akili wa Kisumu atajua si kwake.

Mwalimu_Shinyalu
Kisima ni cha kaka yake. Kaka anakaa Bahati?

KaraniBahati (Nakuru)
Kaka yuko Solai, bonde la huko chini. Nitamuuliza mwenyewe kesho sokoni kabla sijatuma.

FundiPampu_Ahero
Solai ni chini kuliko Bahati, basi hesabu yangu ya sita inapanda kidogo. Muulize pia mpira wake wa kuvutia una urefu gani na kama ule mdomo wa chini una valvu.

Wanjala_Webuye
Bado sijaambiwa bei.