Mrejesho: Makadirio ya mavuno ya mibuni, Moshi

Niliuliza: "Nitapataje wastani wa mavuno kwa kila mbuni, ilhali fedha zinatosha kuchuma na kupima mibuni 40 tu?"

Ndugu zangu, ninawashukuru. Mkadiriaji mmoja alikadiria kwa macho mibuni 400, wastani ukawa kilo 3.1, kisha tukachagua 40 kati ya hiyo kwa bahati nasibu, tukajumlisha uzito wa michumo yote. Katika hiyo 40, macho yalisema 3.5, mizani 4.2. Sampuli ndogo ilikuwa imeangukia mibuni yenye kuzaa zaidi, na kwa kuwa mteremko wa rejeo, yaani kilo za mizani zinazoongezeka kwa kila kilo moja ya makadirio ya macho, ulikuwa 0.9, tulisahihisha hivi: 4.2 + 0.9 × (3.1 − 3.5) = kilo 3.84. Macho kupunja hakudhuru. Muhimu ni uhusiano wake na mizani, nao ulikuwa 0.8, usahihi ukakaribia ule wa kupima mibuni 94.