Sarafu tatu na maumbo 64 ya Wachina: ni kioo cha kujitazama au ni ramli tu?

kijana_ilala: Wakuu, kuna jamaa kazini kwetu kila akiwa na uamuzi mgumu anarusha sarafu tatu mara sita halafu anafungua kitabu cha Wachina kiitwacho I Ching, kina maumbo 64. Anasema si ramli, ni kioo cha kujitazama. Mnaonaje, hili ni kioo kweli? Na kama ni kioo, sarafu za nini?

mzee_ngamiani: Kwa sisi watu wa pwani hilo si geni. Ramli ya mchanga ina maumbo 16, kila umbo mistari minne, kila mstari nukta moja au mbili. Hao Wachina mistari yao ni sita, na badala ya nukta wana mstari mzima na mstari uliokatika katikati. Ni mlango uleule. Dini imekataza ramli, kuiita kioo hakubadilishi hukumu.

sheby_boy: Hizo mashine zifungwe tu, madogo wa mtaani kwetu wanamaliza hela ya shule kwenye dubwi.

kijana_ilala: Sheby hatuzungumzii kamari mkuu, huku hakuna hela inayoliwa.

bi_karafuu: Mzee nakuheshimu sana ila tuangalie kwanza kinachofanyika ndo tuhukumu. Unaandika swali lako, mnakubaliana kabisa kabla ya kurusha upande upi wa sarafu ni 3 na upi ni 2, unarusha zote tatu unajumlisha. Jumla ni 6, 7, 8 au 9, hakuna nyingine. 7 ni mstari mzima uliotulia, 8 ni uliokatika uliotulia, 9 ni mzima unaogeuka kuwa uliokatika, na 6 ni uliokatika unaogeuka kuwa mzima. Unaanza kuchora chini kwenda juu, wengi wanaojifunza kwenye simu wanaanzia juu na hapo umbo lote linaharibika. Mistari inayogeuka ndo inasomwa maneno yake, halafu ukiigeuza unapata umbo la pili.

Sasa sikilizeni kisa cha kale kabisa kilichomo kwenye Zuo Zhuan, tarihi ya zama za kale za China. Mwaka 530 kabla ya Kristo, Nan Kuai, msimamizi wa mji wa Bi huko dola ya Lu, alikuwa anapanga kuuasi ukoo wa Ji uliomweka pale. Akapiga mabua, ndo njia yao ya kale badala ya sarafu, akapata umbo namba 2, mistari yote sita imekatika, na wa tano kutoka chini ndo unageuka. Maneno ya mstari ule yanasema vazi la chini la njano, heri kubwa. Jamaa akafurahi, akampelekea Zifu Huibo, mkuu mmoja wa Lu, bila kumwambia anapanga nini, akasema tu kuna jambo nataka kulifanya. Huibo akamjibu kwamba kama jambo lenyewe ni la uaminifu sawa, vinginevyo litavunjika, maana njano ni rangi ya katikati, na vazi la chini ni pambo la aliye chini, sa wewe kama moyo wa katikati hauna uaminifu na chini hakuna utii, hiyo heri inakuhusu vipi? Akaongeza kwamba kitabu kile hakitumiki kuulizia mambo ya hatari. Uasi ulishindwa, Nan Kuai akakimbilia dola jirani ya Qi. Mi hapo naona kioo: maneno ni yaleyale, aliyebadilika ni anayetazama.

hesabu_kwanza: Bi Karafuu kisa kizuri ila kinakuvunjia hoja yako, Nan Kuai alikuwa na kioo mkononi na bado aliona alichokitaka. Aliyemsaidia (angesikia) ni mtu mwenye akili timamu pembeni yake, si mabua.

mwana_taoo: Tatizo hapo mnachanganya, sarafu ni njia ya mkato ya watalii. Ya asili ni mabua 50 ya mmea wa yaro, unatoa moja pembeni unabaki na 49, unagawa mafungu mawili bila kuhesabu, unachomoa bua moja fungu la kulia unalibana kidoleni, unahesabu kila fungu nne nne na masalio unayaweka kando, unarudia mara tatu ndo upate mstari mmoja. Mara 18 kwa umbo zima. Hiyo ina miaka 3000 haijabadilika, na majibu yanatoka sawa na ya sarafu, tofauti ni utulivu tu.

hesabu_kwanza: Hatua umezitaja vizuri ila mawili umeteleza. Maelezo ya kale ya mabua ni mafupi sana, huo utaratibu wa hatua kwa hatua unaofuatwa leo ulipangwa na mwanafalsafa Zhu Xi karne ya 12, na sarafu nazo si za watalii, zimetumika tangu enzi ya Tang. Pili, majibu hayatoki sawa. Kwa sarafu, 6 na 9 kila moja ina nafasi 2 kati ya 16. Kwa mabua, 9 ina nafasi 3 kati ya 16 na 6 ina nafasi 1 tu. Yani mstari kugeuka ni robo kwa njia zote mbili, ila kwa mabua mzima unageuka mara tatu zaidi ya uliokatika. Mstari wa Nan Kuai ulikuwa 6, ule adimu kuliko yote.

mwana_taoo: Kuhusu nafasi nimekuelewa. Utulivu bado nasimamia, dakika 20 mikono inahesabu mabua swali lako linakaa kichwani, sarafu zinaisha hata hujajua unauliza nini.

mama_nayla: Mi naongea yangu. Nilipata kazi Muscat, kaka yangu anasema nenda, mi roho nzito. Rafiki akanirushia zikatoka kuanzia chini 7, 7, 7, 8, 7, 8, hakuna unaogeuka. Umbo la tano, kungoja, maji juu ya mbingu. Kaka akasoma palipoandikwa kuvuka mto mkubwa kuna faida, akasema si unaona, bahari hiyo, panda ndege! Mi nilishika neno kungoja, na nilipolisikia tu nikahisi mzigo umeshuka, nikajua kumbe sitaki kwenda. Kaka akataka turushe tena nikakataa.

bi_karafuu: Ulifanya vizuri kukataa. Umbo la nne linasema wazi, ukiuliza mara ya kwanza unaambiwa, ya pili na ya tatu ni utovu wa adabu na huambiwi kitu. Anayerudia anatafuta ruhusa, hatafuti jibu.

hesabu_kwanza: Mama Nayla pole na hongera, ila angalia, umbo moja limempa kaka yako nenda na wewe subiri. Sarafu moja tu ya ndiyo au hapana ingekuonyesha hilohilo. Nawapa jaribio: rafiki arushe, akusomee maumbo mawili, moja lililotoka na moja alilochagua yeye, bila kukwambia lipi ni lipi. Kama yote yanakugusa sawa, sarafu hazijui chochote kuhusu wewe.

bi_karafuu: Nakubali hazijui, sijawahi kusema zinajua. Ila ndiyo au hapana inakupa majibu mawili uliyokwisha kuwa nayo. Huku unapewa ukurasa usiouchagua, kungoja na kuvuka pamoja, na lazima uuweke juu ya hali yako mstari kwa mstari. Ukiachiwa uchague mwenyewe utafungua palepale unapopapenda. Na yupo aliyejitazama kweli, Bi Mu Jiang, mjane wa mtawala wa Lu, habari yake iko kwenye Zuo Zhuan ileile chini ya mwaka 564 kabla ya Kristo. Alifungiwa jumba la mashariki baada ya fitina yake, mpigaji akamwambia umbo la 17 maana yake utatoka upesi. Akakataa mwenyewe, akasema umbo hili linataka fadhila nne na mimi sina hata moja, nimejitakia ubaya, nitafia humu. Na akafia humo.

mzee_ngamiani: Huyo mama alijihukumu kwa haki, namkubali. Lakini mwanangu, mpigaji alikuwa anatabiri, umesema mwenyewe. Anayeamini sarafu zinajua kesho na asiyeamini wanarusha vilevile, mimi nitawatofautishaje?

kijana_ilala: Jamaa wa kazini nimemuuliza leo kama huwa anarudia kurusha jibu likimkera. Amesema hajawahi, ila akasema kuna maswali haulizi kabisa siku hizi, na hakutaka kunitajia ni yapi.