Baba mstaafu anacheza kamari ya ndege kwa kiinua mgongo: nimkabili vipi bila kumvunjia heshima?

Binti wa Buruburu

Wanajukwaa, hamjambo. Baba yangu ana miaka 62 na alistaafu mwaka jana kutoka kiwanda kimoja cha hapa Nairobi alikokuwa fundi wa mitambo. Baada ya kumalizia nyumba ya kijijini alibaki na shilingi 1,500,000 benki. Mwezi uliopita nilimtumia shilingi 3,000 za dawa zake za kutetemeka mikono, na jioni akanipigia akidai hazikufika. Zilikuwa zimefika, ila Fuliza ilizimeza zote, kwa sababu alikuwa na deni ambalo sikulijua. Wiki iliyofuata aliniomba nimsaidie programu ya benki iliyokuwa imemkataa, nami nikaona salio: 890,000. Fedha hizo zimeyeyuka ndani ya miezi saba.

Mama anasema simu ya mzee huwaka hadi saa tisa za usiku, naye hudhani anasoma habari. Nilipolala kwao nilipita nyuma ya kiti chake nikauona ule mchezo wa ndege, Aviator, ambao dau huzidishwa kadiri ndege inavyopaa na hupotea ndege ikitoweka kabla hujatoa pesa, naye akiweka dau la shilingi 500 kila ndege inaporuka.

Kaka yangu anataka tuwaite baba wadogo wamweke mzee kitako, kisha tumnyang'anye simu. Mimi nasita, kwa kuwa baba hajawahi kuulizwa na mtoto wake alivyotumia pesa zake, na nadhani tukimwaibisha mbele ya wadogo zake ataendelea kucheza kwa kujificha zaidi. Nianzie wapi?

Mzee wa Hoja

Dada, usipoteze muda kwa maneno matamu. Nendeni mahakamani mkaombe kusimamia mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili, kisha benki itafunga akaunti hiyo mara moja.

Jogoo la Umoja

Tatizo la mzee ni tamaa ya kungoja ndege ipae sana. Mwambie atoe pesa mapema, ndege ikifika 1.2 tu. Mimi hucheza hivyo na hushinda mara nyingi kuliko ninavyoshindwa.

Niliyekuwa Ndani

Nilifanya kazi miaka minne katika kitengo cha wateja cha kampuni moja ya kamari, kwa hiyo naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Ndugu Jogoo, ni kweli unashinda mara nyingi, lakini fanya hesabu. Watengenezaji wenyewe hutangaza kwamba mchezo huo hurudisha 97 kati ya kila 100 zinazowekwa. Ukitoa kwenye 1.2 kwa madau 100 ya shilingi 100, utashinda karibu mara 81 na kupata shilingi 20 kila mara, yaani takriban 1,600, kisha utashindwa mara 19 na kupoteza 1,900. Ukingoja 2 utashinda mara 48 au 49 na kushindwa mara 51 au 52. Kwa njia zote mbili, kwa wastani, umeacha shilingi 300 mezani.

Tatu kwa mia huonekana ndogo, na hapo ndipo wazee hunaswa, kwa sababu ndege huruka na kupotea kwa sekunde chache, na usiku mmoja mtu huweza kucheza mara 200 bila kuhisi. Kwa dau la 500 hizo ni shilingi 100,000 zilizopita mkononi, na 3,000 zimebaki kwa kampuni. Zidisha kwa miezi saba, dada, utakuta takwimu iliyo karibu sana na ile uliyoiona benki. Baba yako si lazima awe amefanya ujinga wowote mkubwa; amecheza tu, kila usiku.

Kuhusu mahakama, Mzee wa Hoja, msimamizi huteuliwa pale ugonjwa wa akili unapothibitishwa kumfanya mtu ashindwe kuendesha mambo yake, na kupoteza pesa peke yake hakuthibitishi hilo. Benki nayo humsikiliza mwenye akaunti.

Anza na zile 3,000. Zilikuwa zako, hivyo una haki ya kuziuliza bila kugusa salio uliloliona kwa bahati. Keti naye peke yenu alasiri, si usiku baada ya kupoteza, umwambie kwamba Fuliza ilizimeza na ukalala na wasiwasi. Kisha nyamaza. Akikubali, ombi lako liwe moja: pesa zibaki kwa jina lake, ila ziende polepole. Sehemu kubwa iwekwe kwenye amana ya muda maalumu au hati za Hazina za siku 182, ili tamaa ya saa nane za usiku isikute pesa za kuchukua. Fuliza anaweza kujiondoa mwenyewe kwa *234# akishalipa deni. Akaunti ya kamari pia anaweza kuomba ifungwe, lakini ombi hilo huifunga kampuni moja tu, na tulikuwa tukiona wateja wakihamia nyingine kesho yake. Ndiyo maana programu ya BetBlocker, ambayo ni ya bure na huzuia tovuti za kamari kwenye simu, hufaa kuongezwa, kwa sharti kwamba yeye ndiye anayeiweka.

Jambo moja ninalolijutia: mteja aliyenyamaza siku chache tulikuwa tukimtumia dau la bure ili arudi. Zuieni na ujumbe huo.

Mjukuu wa Kaloleni

Kwetu alikuwa mama mkubwa, naye alichezea kodi za vyumba vyake. Nilimlipia madeni mara tatu kwa siri ili asiaibike, na kila nilipolipa alipata nafasi ya kukopa upya. Tulifika mahali ambapo mimi ndiye niliyekuwa nikiilisha kamari yake. Hadi leo hatusemezani vizuri.

Muuguzi wa Zamu

Dada, nimesoma mara mbili pale ulipotaja dawa za kutetemeka mikono. Tazama pakiti. Ikiwa imeandikwa pramipexole au ropinirole, zungumza na daktari wake kabla ya kikao chochote, kwa sababu dawa hizo hutumika kwa ugonjwa wa Parkinson na kwa baadhi ya watu huamsha tamaa ya kamari, manunuzi au ulaji wasiyoweza kuizuia, hata kama maishani hawakuwahi kucheza. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi haunganishi mambo hayo mawili. Tafadhali msiikatishe ghafla nyumbani, maana kuiacha kwa mkupuo kuna madhara yake. Daktari ndiye atakayeipunguza au kuibadilisha.

Mzee wa Hoja

Kwa hiyo sasa kila mcheza kamari atasingizia vidonge?

Muuguzi wa Zamu

La, mzee wangu. Wengi wanaomeza dawa hizo hawachezi, na wengi wanaocheza hawajawahi kuzimeza. Nimesema pakiti itazamwe.

Binti wa Buruburu

Nimerudi baada ya siku tisa. Nilizungumza naye Jumamosi alasiri. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema alikuwa karibu kuzirudisha zote na hakutaka mama ajue. Jumatatu tulikwenda benki pamoja, akaweka 600,000 kwa miezi sita. BetBlocker ameikataa katakata. Anasema yeye si mtoto.

Pakiti zilikuwa mbili, na moja imeandikwa pramipexole. Alianza kuimeza Februari, lakini hakumbuki kama mchezo ulitangulia au ulifuata. Kliniki ni Jumanne, naye amekubali niingie naye kwa daktari. Kaka bado anashikilia kikao cha baba wadogo, nami nimemwomba asubiri hadi Jumatano.

Lililobaki ni mama. Baba ameniomba nimfichie, na kila mama anaponiuliza kuhusu ile taa ya usiku nakosa jibu. Je, aliyepitia hili alimwambia mama yake, au alimwachia mzee aseme mwenyewe?