169.254 kila jioni: nipunguze muda au niongeze anwani?

fundi_wa_zamu: Wakuu, chuo chetu kina zamu mbili. Asubuhi waifai haina shida. Jioni simu zinaunganika lakini zinajipa anwani za 169.254, intaneti hakuna. DHCP iko kwenye swichi ya Cisco: 192.168.10.0/24, nimetenga 20 za mwanzo, zimebaki 234. Nipunguze muda wa kukodisha au nihamie /23?

MamaKebo: Hiyo ni VLAN. Mimi juzi nilihangaika hivyohivyo na kompyuta ya mhasibu, kumbe tundu la swichi liliwekwa VLAN ya simu.

fundi_wa_zamu: Kwako ni mashine moja, dada. Kwangu ni darasa zima, tena jioni tu.

Juma_Nyaya: Zima swichi uwashe. Kwetu inatibu.

bi_mkubwa_mtandao: Inatibu kwa sababu swichi inasahau ilizogawa, kama hujaiwekea mahali pa kuhifadhi orodha. Simu zilizozipata bado zinazitumia. Swichi hupiga ping kabla ya kugawa, ila simu iliyolala au inayokataa ping haijibu, na hapo watu wawili wanapewa anwani moja. Ukifuta orodha kwa mkono, balaa ni lilelile.

Fundi, jioni andika `show ip dhcp pool`, usome Leased addresses. Kila zamu ina vifaa vingapi?

fundi_wa_zamu: Inasoma 234. Asubuhi kama 150, jioni kama 140.

bi_mkubwa_mtandao: Basi 290 wanagombea 234, na Cisco usipoiambia kitu hukodisha siku nzima. Wa asubuhi wameondoka saa saba mchana, anwani zao zimefungwa hadi kesho. Weka saa mbili:

```
ip dhcp pool WANAFUNZI
 lease 0 2
```

Aliyepo huhuisha kila baada ya saa moja, hatasikia kitu. Aliyeondoka saa saba, kufika saa tisa anwani yake imerudi.

Juma_Nyaya: /23 si inamaliza kazi moja kwa moja?

bi_mkubwa_mtandao: Kama 192.168.11.0 haina mwenyewe, sawa. Ila printa zote zilizoandikwa anwani kwa mkono zitabaki na barakoa ya zamani, utazizungukia moja moja. Wakifika 260 kwa wakati mmoja, hapo hata dakika kumi hazisaidii, panua tu.

fundi_wa_zamu: Nimeweka saa tisa alasiri, saa kumi na moja kilio kilekile!

bi_mkubwa_mtandao: Waliopewa siku nzima asubuhi bado wana siku nzima. Subiri kesho.

fundi_wa_zamu: Leo saa kumi na mbili jioni: 158. Kimya. Lakini naona simu zinazobadilisha MAC, mtu mmoja anakula mbili.

MamaKebo: Na mimi hizo zinanisumbua. Saa moja ingetosha?

bi_mkubwa_mtandao: Sijaijaribu kwenye simu za namna hiyo. Fundi, hesabu Ijumaa, zamu zikipishana mlangoni.