Baba kazaliwa Muheza 1966, mimi 1993, leo naambiwa nilete cheti cha babu!

Kijana wa Mkonge
Wanajukwaa, nina hasira. Leo ni mara ya nne nanyimwa namba ya kitambulisho cha taifa. Babu alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji enzi za Mwingereza, akaja Muheza kukata mkonge kama manamba. Baba kazaliwa kambini, na mimi nimezaliwa hapo hapo. Barua ya mtendaji ninayo, cheti cha kuzaliwa ninacho. Nikabeba na kipande cha babu, kile cha kuhesabia siku za kazi. Kimefifia, tumekitunza kwenye nailoni tangu afariki. Nilidhani kitaonyesha tumekaa hapa tangu lini. Ofisa akakipitisha kidole, kikasimama kwenye neno "Makonde", akauliza babu alizaliwa wapi. Nikasema kweli. Faili likafungwa. Laini ninayotumia ni ya mke wangu, hata ujira wa kibarua unaingia kwake. Mimi ni wa nchi gani?

Barabara ya Pangani
Pole. Ila uraia unafuata damu, ndugu. Omba tajinisi yaishe.

Shangazi wa Ngamiani
Mwanangu, usiiguse fomu ya tajinisi! Ile ni ya mgeni, ukisaini umekiri mwenyewe. Nimefanya msaada wa kisheria miaka mingi. Soma kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995: aliyezaliwa nchini tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia, ukiacha watoto wa mabalozi na wachache wengine. Babu hatajwi. Shida ni kwamba maofisini wanakisoma kana kwamba lazima mzazi mmoja awe raia. Kwa usomaji huo, babu hakujiandikisha baada ya uhuru, kwa hiyo baba yako si raia, wewe si raia, na mwanao hivyo hivyo. Ukoo mzima unabaki hewani na hakuna aliyewahi kuishi kwingine. Na Wamakonde si wapo Newala pia? Kabila si nchi. Dai wakukatae kwa maandishi, neno la mdomo hulipeleki mahakamani.

Mtoto wa Chogo
Sisi tuko Chogo, Handeni, wazazi walikimbia vita Somalia. Nyumbani tumepata tajinisi, ila kaka yangu hakuwepo siku ya kuandikishwa. Naye atumie kifungu cha 5? Kazaliwa Kismayu.

Shangazi wa Ngamiani
Hapana, mwanangu. Huyo kazaliwa nje, kwake tajinisi ndiyo njia yenyewe. Msichanganye na kesi ya huyu.

Barabara ya Pangani
Kumbe. Lakini wakiachia hivyo, si kila mtu atadai kazaliwa Muheza?

Kijana wa Mkonge
Baba ana kadi ya kliniki ya kambini na ameandikwa kwenye daftari la ubatizo. Hawakutaka hata kuvitazama. Shangazi, maandishi niliomba. Wanasema hawajanikataa, "bado wanachunguza". Wanachunguza tangu 2021. Sasa hapo nashitaki nini?