Picha yenye ukungu imemnyima mdogo wangu alama za fizikia, na mwalimu hataki kusikia

Wakuu, nina hasira. Mdogo wangu yuko kidato cha sita, anasoma tuisheni mahali fulani ambapo mtihani unapigwa picha kwa simu na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp. Swali lenyewe: chembe ni protoni au elektroni, inaingia kwenye uga wa sumaku wa tesla 0.50 kwa kasi ya 3.0 × 10⁶ m/s. Mchoro unaonyesha mshale wa v kwenda kulia na mshale wa F kwenda juu. Tambua chembe, kisha tafuta nusu kipenyo cha njia yake.

Sasa uga umechorwa kwa viduara vidogo. Kikiwa na msalaba ndani, uga unaingia kwenye karatasi. Kikiwa na nukta, unatoka kuja kwako. Kwenye ile picha ndani ya kila kiduara kuna doa jeusi tu! Hata ukiikuza mpaka ijae skrini, doa ni doa. Dogo akasoma nukta. Kwa mkono wa kushoto, kani kwenda juu na uga unaokuja kwako, mkondo lazima uelekee kushoto, na chembe inakwenda kulia, basi chaji ni hasi. Elektroni. Akapata milimita 0.034. Mwalimu anasema ni protoni, sentimita 6.3, na amempa sifuri swali zima. Huu ni uonevu.

Mtoto wa Kata: Mkuu, unapiga kelele bure. Chaji zina ukubwa uleule, kasi ileile, uga uleule. Kani ni qvB, inatoka 2.4 × 10⁻¹³ N kwa zote mbili. Kani ikiwa sawa, njia ni sawa. Mwelekeo wa uga haubadilishi nusu kipenyo.

Fundi Maabara: Kani umeipata sawasawa, hapo nakuunga mkono. Ila kani hiyohiyo inamgeuza nani? Njia ya duara inadai mv²/r, kwa hiyo r = mv/(qB). Protoni ina kilo 1.67 × 10⁻²⁷. Zidisha kwa kasi, gawa kwa 8.0 × 10⁻²⁰, unapata mita 0.063. Elektroni ni nyepesi karibu mara 1,836, kani ileile inaikunja papo hapo, ndiyo maana inatoka 0.034 mm. Mwelekeo wa uga ungekuwa hauna maana kama swali lingetaja chembe. Hapa halikutaja, kwa hiyo lile doa ndilo linaloamua jibu.

Mleta uzi, nikuulize: picha haikugeuzwa kama kwenye kioo? Ikizungushwa tu, hata juu chini, haina madhara, maana mishale yote inazunguka pamoja. Lakini kamera ya mbele ikigeuza kulia kuwa kushoto, v inapinduka na msalaba unabaki msalaba. Protoni inageuka elektroni. Usiangalie herufi v, hiyo kwenye kioo iko vilevile. Angalia F.

Mleta uzi: Nimeangalia. Mikono ya F imeelekea kulia kama kawaida. Picha haikugeuzwa, tatizo ni doa.

Binti Pwani: Na mimi swali langu chembe iliingia kwa nyuzi 30 na uga, nikatumia v nzima nikakosa. Inakuwaje?

Fundi Maabara: Wewe unachukua v sin 30° peke yake, yaani nusu ya kasi. Sehemu iliyobaki inafuata uga, njia inakuwa kama springi. Lakini fungua uzi wako, tusimchanganye huyu.

Mwalimu Mstaafu: Dogo alipaswa kushtuka. Tao limechorwa linaonekana kwa macho, limejaa nusu ya mchoro. Njia ya milimita 0.034 nani angeichora?

Mleta uzi: Shikamoo mwalimu, lakini chini ya mchoro pameandikwa kwamba haukuchorwa kwa skeli! Na tao linapinda juu kwa chembe zote mbili, kwa sababu kitovu kiko upande ambao F inaelekea. Hapo palikuwa na nini cha kumshtua?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Maneno hayo sikuyaona. Bado naona ukubwa wa jibu ungemtia shaka, ila sifuri kwa swali zima siikubali. Fomula na hesabu zake ni sahihi kwa chembe aliyoitambua.

Fundi Maabara: Mimi natofautiana nawe kuhusu shaka. Milimita 0.034 kwa elektroni ya kasi hiyo ndiyo yenyewe, hakuna cha ajabu. Omba karatasi halisi iliyopigwa picha. Kama ina misalaba, protoni ni jibu la karatasi, ila si la picha waliyopewa wanafunzi.

Mleta uzi: Nimeiomba. Nimejibiwa kwamba wenzake waliona misalaba. Nimeuliza hao wenzake walitumia picha ipi, kwa sababu kwenye kundi iko hiyohiyo moja, na hakuna aliyejibu.